Cheti cha Mirathi: Soma Majina Kwanza, Mashamba Baadaye



Vijana wenzangu wa Molo, na nyinyi mnaosoma hapa mkiwa Elburgon, Turi, Njoro na Mau Summit. Haya ni yale niliyozungumza na kikundi chetu baada ya swala ya Alasiri, nikaombwa niyaandike kwa sababu wengi hawakuwepo. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, kwa hivyo nivumilieni nikirudia jambo.

Karatasi tunazoletewa sana siku hizi ni za mirathi. Kijana anakuja na simu, anakuonyesha picha ya karatasi yenye muhuri wa mahakama, anauliza, "Kaka, hii inasema nini? Nimeambiwa nisaini ingine kesho." Na nikimuuliza hii ni ya kwanza au ya pili, hajui kama kuna mbili. Basi tuanzie hapo.

Mtu akifariki bila kuandika wasia, mahakama hutoa karatasi mbili kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ndiyo watu huita granti. Ni barua ya kumteua msimamizi wa mirathi. Kwenye fomu za mahakama zetu za kawaida, ile ya mtu asiyeacha wasia ni P&A 41. Ina jina la marehemu, tarehe aliyofariki, jina la msimamizi au wasimamizi, na ahadi kwamba watasimamia mali kwa haki na kutoa hesabu wakitakiwa. Basi. Haisemi shamba ni la nani, na haimpi yeyote hata futi moja ya ardhi. Karatasi ya pili ni cheti cha kuthibitisha granti, na hiyo ndiyo yenye jedwali: huku jina la mrithi, hapa mali, pale fungu lake. Kati ya karatasi hizi mbili, kwa kawaida, inapita miezi sita au zaidi, isipokuwa mahakama ikubali kuthibitisha mapema kwa sababu maalum.

Sasa balaa nyingi hutokea ndani ya hiyo miezi sita. Ndugu mkubwa anapata karatasi ya kwanza, anaipiga laminesheni, anaizungusha mjini akisema mahakama imempa mali ya baba. Mnunuzi wa ploti anaona muhuri, anatoa pesa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, kifungu cha 55, inasema wazi kwamba granti haimpi mtu uwezo wa kugawa mali mpaka ithibitishwe. Na kifungu cha 82 kinamkataza msimamizi kuuza ardhi au nyumba kabla ya uthibitisho huo. Kwa hivyo ukiona mtu anauza shamba la marehemu kwa karatasi isiyo na jedwali la warithi, hiyo biashara haina miguu, hata kama wakili amekaa mezani.

Utauliza: Sura 160 inatuhusu sisi Waislamu? Inatuhusu nusu, na hii nusu ndiyo inawachanganya hata makarani. Kifungu cha 2 kinasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Nani anarithi, na kiasi gani, hilo ni la Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Lakini sehemu ya saba ya sheria hiyo, ile ya jinsi mali inavyosimamiwa, inatumika kwetu pia pale isipopingana na sheria ya Kiislamu. Ndiyo kusema mafungu ni ya Kadhi na kitabu, na mipaka ya msimamizi tunaishiriki na Wakenya wote.

Na kitu kinachoamua ni dini ya marehemu. Ukienda kwa Kadhi wa Nakuru ni vizuri, Katiba kifungu cha 170 kinampa uwezo wa mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa kwake. Lakini familia nyingi za huku kwetu zimechanganyika. Baba alisilimu akiwa mtu mzima, ndugu zake ni Wakristo, mmoja hataki kusikia habari ya Kadhi. Kesi ikaenda mahakama za hapa Molo. Sawa, lakini hata hakimu huyo anatakiwa kugawa mali ya marehemu Muislamu kwa sheria ya Kiislamu. Jengo likibadilika, mafungu hayabadiliki. Shida ni kwamba mtu asiposema mahakamani kwamba marehemu alikuwa Muislamu, na jina lake kwenye kitambulisho ni lile la zamani, hakimu atajulia wapi?

Hebu tusome karatasi moja pamoja. Nimeutunga mfano huu kutokana na makosa tunayoyaona kwenye karatasi tofauti tofauti, si familia yoyote ya hapa, msianze kukisia.

Mzee amefariki, Muislamu. Ameacha mama yake mzazi, bikizee ambaye bado anaishi. Ameacha mke mmoja, vijana wawili wa kiume, na mabinti watatu. Binti wa mwisho ana miaka tisa. Mali: shamba la ekari 4.2 upande wa Turi, ploti hapa mjini yenye vyumba vya kukodisha, pesa benki shilingi 1,000,000. Cheti cha kuthibitisha kinasema hivi: msimamizi ni kijana mkubwa, peke yake. Shamba, mke alitumie maisha yake yote, kisha ligawanywe sawa kwa vijana wawili. Ploti, kijana mkubwa aishike kwa niaba ya familia. Pesa za benki, mke na watoto watano wagawane sawa.

Ukiisoma haraka unaona ni familia imekubaliana vizuri. Soma tena, lakini mali ziache kwanza. Hesabu majina. Mama wa marehemu yuko wapi?

Hayupo. Na najua alivyopotea. Safari ya mirathi inaanza kwa barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Chifu amezoea sheria ya kawaida ya nchi, ambayo marehemu akiwa na mke na watoto, wazazi wake hawapati kitu. Kwa hivyo anaandika mke na watoto, anapiga muhuri. Mwenye kuchapa ombi la mahakama ananakili barua ya chifu. Tangazo linatoka kwenye Gazeti rasmi la serikali, siku thelathini za kupinga zinapita, na nyanya hasomi Gazeti. Hakuna aliyekaa akapanga njama. Amefutwa na mazoea tu. Kumbe kwa sheria yetu mama wa marehemu mwenye watoto ana sudusi, moja ya sita, na hakuna mrithi anayeweza kumwondoa. Baba wa marehemu pia, kama angekuwa hai, hivyo hivyo.

Alama ya pili ni yale maneno "alitumie maisha yake yote." Hiyo haki ya maisha ya mjane inatoka kifungu cha 35 cha Sura 160, sehemu ambayo kwa Muislamu haitumiki. Kwetu mke wa marehemu mwenye watoto ana thumni, moja ya nane, na ni mali yake kabisa. Anaweza kuiuza, kuipa mtoto, na akifa inarithiwa na warithi wake mwenyewe. Ukiona haki ya maisha kwenye cheti cha Muislamu, jua mwenye kukiandika alishika sheria isiyo yake.

Alama ya tatu, mabinti wapo kwenye pesa lakini hawapo kwenye shamba. Hilo halitoki sheria ya nchi wala ya Kiislamu. Hilo limetoka kwetu nyumbani, ile fikra kwamba msichana ataolewa. Kwa Mwenyezi Mungu binti ana fungu kwenye kila kitu kilichoachwa, udongo, mabati, pikipiki, kuku.

Tufanye hesabu basi, na mwenye kalamu aandike. Kabla ya kugawa chochote kuna vitu vinatoka kwanza: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo, usiozidi thuluthi na usiende kwa mrithi. Mahari ambayo mzee hakumaliza kumlipa mkewe ni deni, na wajane wengi hawaambiwi. Tuseme mazishi ni 30,000, deni la mbolea na dawa dukani ni 80,000, mahari iliyobaki ni 50,000. Jumla 160,000. Kwenye ile milioni moja inabaki 840,000.

Mama wa marehemu anachukua moja ya sita, 140,000. Mke anachukua moja ya nane, 105,000, tena hiyo ni mbali na mahari yake 50,000 ambayo alishalipwa kama mdai. Inabaki 595,000 ya watoto, na kijana wa kiume hupata mafungu mawili ya binti. Vijana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Gawa 595,000 kwa saba, unapata 85,000. Kila binti 85,000, kila kijana 170,000.

Sasa rudi kwenye cheti chetu kilichogawa sawa kwa watu sita. Kila mmoja angepata 140,000. Umeona? Fungu zima la nyanya limegeuka nyongeza ya wengine. Na nitasema ukweli, kwa upande wa hizi pesa cheti kile kiliwapa mabinti na mama yao zaidi ya mafungu yao, huku kikiwanyima shamba. Kwa hivyo usikubali mtu akikwambia karatasi ni nzuri kwa sababu ulipata pesa nyingi. Mwulize na shamba je.

Shamba linafuata mafungu yale yale. Ekari 4.2: nyanya 0.7, mke 0.525, kila kijana 0.85, kila binti 0.425. Mtu atasema ekari 0.425 ni kipande cha kupanda viazi vya mboga tu. Huenda, na mabinti watatu wanaweza kuamua vipande vyao vikae pamoja, ekari 1.275, au wakubwa wao wakauziana na kaka zao kwa bei ya soko. Ruhusa ipo. Warithi waliotimiza miaka kumi na minane wanaweza kusuluhishana, hata mmoja akaacha fungu lake lote. Sharti langu ni moja: ajue kwanza fungu lake ni kiasi gani. Huwezi kusamehe usichoambiwa kuwa ni chako. Yule wa miaka tisa hawezi kusamehe chochote, na hakuna wa kumsamehea, mama yake wala kaka yake.

Hapo ndipo kuna kosa lingine kwenye cheti, nalo liko juu kabisa: msimamizi ni mmoja. Pale ambapo kuna mrithi mtoto, fungu lake linashikwa kama amana mpaka akue, na kifungu cha 58 kinataka wasimamizi wasiopungua wawili kwa mali ya namna hiyo, ukiacha Mdhamini wa Umma au shirika la amana. Sababu yake haihitaji wakili kuieleza. Mtoto hana mdomo mahakamani, kwa hivyo wanawekwa wawili wachungane.

Niseme jambo kuhusu msimamizi, kwa sababu huyo ndiye anayeogopwa kuliko simba. Kusimamia ni kazi, si fungu. Jina lake likiwa juu ya cheti haliongezi hata shilingi kwenye haki yake. Anapata kile jedwali linachosema, kama ndugu zake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na ndani ya miezi sita tangu granti itoke awe na orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu. Cheti kikishathibitishwa, ana miezi sita mingine amalize kugawa na atoe hesabu ya mwisho.

Tuchukue ile ploti ya mjini, kwa sababu kodi ndiyo hupotea kimya kimya. Tuseme vyumba vinaingiza 16,800 kwa mwezi baada ya maji na matengenezo. Tangu siku mzee alipofariki, hiyo kodi si ya kaka. Ni ya warithi wote, na ikifika kugawa, kila mwezi nyanya ana 2,800, mke 2,100, kila kijana 3,400, kila binti 1,700. Kwa miezi sita ni shilingi 100,800 zilizopita mikononi mwa mtu mmoja. Mwombe daftari. Kama wapangaji wanalipa kwa M-Pesa, taarifa ya simu inaonyesha kila kitu, hakuna haja ya kugombana. Anayekasirika ukiomba daftari, tayari amekujibu.

Na yale maneno "aishike kwa niaba ya familia" yaogopeni sana. Familia ni nani? Niaba mpaka lini? Kwa mafungu gani? Kijana mkubwa akienda ofisi ya ardhi na cheti hicho, hati miliki inaweza kutoka kwa jina lake peke yake. Miaka kumi baadaye amekopa benki kwa hati hiyo, au amefariki, na wajukuu wa mzee wanaambiwa ploti ilikuwa ya ami yao. Kama kuna amana ya kweli, jedwali litaje ni ya nani kwa majina na kila mmoja ana sehemu gani. Na msimamizi hawezi kujiuzia mali ya marehemu akanyamaza. Mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani mauzo hayo yakabatilishwa.

Kuhusu orodha ya mali, mambo mawili tu, kwa sababu ndiyo yanatuhusu watu wa Molo. La kwanza, cheti kinagawa kile tu kilichokuwa cha marehemu. Mashamba mengi ya huku yametoka kwenye skimu za makazi na makampuni ya kununua ardhi, na mengine mpaka leo yako kwa jina la babu. Kama hati iko kwa jina la babu, cheti cha mirathi ya baba hakiwezi kuligusa shamba. Lazima mirathi ya babu ifunguliwe kwanza, na hapo baba zako wadogo na shangazi zako wanaingia, wana haki. Baada ya fujo za 1992 na za 2007 hadi 2008 familia nyingi hapa zilibaki bila karatasi yoyote, kwa hivyo fanyeni upekuzi rasmi ofisi ya ardhi mjue jina lililoko kwenye rejista kabla hamjagombania jedwali. La pili, kuna mali haitaonekana kwenye cheti na si wizi. Akiba ya sako au pensheni ambayo marehemu aliandikisha jina la mteule, kwa sheria ya nchi humwendea mteule bila kupitia mirathi. Wanachuoni wengi wanasema mteule huyo ni mpokeaji tu na anapaswa kuwagawia warithi. Mahakama haitamlazimisha kirahisi. Hapo ni yeye na Mola wake, na nyinyi na maneno mazuri.

Dada mmoja aliniuliza kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mnajua Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa marehemu Muislamu hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu wazazi wao hawakuwa na ndoa. Wanachuoni wengi wameupinga uamuzi huo, na mjadala haujaisha. Mimi si sheikh. Ninachosema ni kwamba mkiwaficha watoto hao kwenye ombi, cheti chenu kinaweza kuvunjwa hata baada ya miaka. Watajeni, kisha mjadiliane mbele ya Kadhi au hakimu. Vivyo hivyo kwa mzazi wa marehemu ambaye si Muislamu. Kwa sheria yetu harithi, lakini marehemu angeweza kumwachia wasia ndani ya thuluthi. Mtajeni, msimfute.

Turudi kwa nyanya wetu. Tuseme wajukuu wamegundua kosa. Wanafanya nini?

Kwanza wajue ni kosa la aina gani. Jina limeandikwa vibaya, nambari ya shamba imekosewa herufi, hayo yanasahihishwa kwa ombi fupi chini ya kifungu cha 74. Kuacha mrithi ni jambo lingine. Hapo mwenye haki anaomba granti ifutwe, kifungu cha 76, kwenye mahakama ile ile iliyoitoa. Sababu zinazokubalika ni pamoja na ombi lililoficha jambo la muhimu, au lililosema uongo hata kama msemaji hakujua ni uongo, au msimamizi aliyekaa mwaka mzima bila kuomba uthibitisho, au asiyetoa orodha na hesabu. Nyanya hahitaji kuthibitisha mjukuu wake ni mwizi. Anahitaji kuonyesha yeye ni mama wa marehemu, kwamba mwanawe alikufa Muislamu, na kwamba jina lake halikutajwa.

Na wasisubiri hukumu ndipo walinde shamba. Mwenye maslahi anaweza kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi ili lisiuzwe kesi ikiendelea. Hili msilicheleweshe, kwa sababu sheria hiyo hiyo, kifungu cha 93, inamkinga mnunuzi aliyeuziwa na msimamizi hata granti ikifutwa baadaye. Mkichelewa mtashinda kesi na shamba limeshakwenda.

Mara nyingi lakini haifiki huko. Familia ikikaa na hesabu mezani, yule kijana mkubwa mwenyewe anashtuka. Wanakubaliana, wanarudi mahakamani pamoja, cheti kinaandikwa upya kikiwa na wasimamizi wawili, tuseme mama na kijana, na jedwali lenye majina saba: nyanya, mke, na watoto watano, kila jina na fungu lake kwenye kila mali. Baada ya hapo ndipo sorveya anaitwa. Kumbukeni kurithi shamba zima hakuhitaji idhini ya bodi ya ardhi, lakini likikatwa vipande idhini inahitajika. Watu hukwama hapo wakidhani mahakama imewadanganya.

Kitu kimoja nilitaka kukiruka, lakini kijana aliyekaa nyuma akauliza: nyanya ni mzee, je akifariki kabla cheti hakijasahihishwa, si mambo yameisha? Hayajaisha, yamekuwa magumu zaidi. Sudusi yake iliingia mikononi mwake siku mwanawe alipokata roho. Akifa, ile ekari 0.7 na zile 140,000 ni mali yake yeye, zinakwenda kwa warithi wake, yaani wanawe wengine walio hai. Ndiyo maana mnaona ami anakuja miaka mitano baadaye anadai kipande kwenye shamba la kaka yake, na nyinyi mnamwita mroho. Pengine ni mroho. Pengine pia anadai fungu la mama yake lililoachwa kwenye barua ya chifu.

Kwa hivyo ukiitwa kesho kusaini fomu ya ridhaa, kabla kalamu haijagusa karatasi, omba nakala ya jedwali ubaki nayo usiku mmoja. Wasipokupa jedwali, usisaini. Mama akiwa kwenye eda na anakuja mtu na wino wa kidole gumba, mwambie aache karatasi mezani aende. Na ukisikia "ni ya kufungua kesi tu," mwulize kesi nambari ngapi, mahakama gani. Kwa nambari hiyo faili unaweza kuiomba kwenye masjala ya mahakama, na humo utakuta barua ya chifu, orodha ya walioachwa, na saini ambazo pengine hukuziweka wewe.

Na kwa mtu ambaye ameshaanza kulima, kuuza miti au kupangisha mali ya marehemu bila karatasi yoyote ya mahakama, kifungu cha 45 kinaliita kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo, najua mnacheka. Lakini pia atarudisha alichokichukua.

Jumamosi baada ya Adhuhuri nitakuwa msikitini. Mwenye cheti aje na nakala, na barua ya chifu kama anayo, na orodha ya majina ya wote walioachwa na marehemu, wazazi wake wakiwemo. Tutahesabu majina kwanza.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.